Laki Hutajwa Mara Moja

Mehreen aliukumbatia mkoba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na elfu tisini, noti tisa nyekundu za elfu kumi kumi, na hizo ndizo zilizokuwa mtaji wote wa mkahawa wao wa Mlandege. Hakukuwa na nyingine kabatini wala chini ya godoro. Zikirudi nyumbani zimegeuka samaki, sufuria itainjikwa na watu watakula mchana. Zikipotea, mkahawa unafungwa leo hii hii, maana mama mkwe wake alishasema, na Bi Tahera si mtu wa kusema jambo mara mbili.

"Mumeo Fayaz kalala na mguu wake juu," alimwambia usiku, akikunja msala wake. "Mimi magoti hayanipeleki sokoni Malindi. Nenda wewe. Ukirudi na samaki wa kutosha, tutaendelea. Ukirudi na hadithi, Abdulwahid anakuja saa nne na nampa funguo. Kodi laki tatu kwa mwezi, bila ya moshi wala magamba ya samaki."

Abdulwahid ni yule muuza simu wa duka la jirani, mtu wa tabasamu na manukato, ambaye tangu Fayaz aanguke kwenye ngazi na kuvunjika mguu alikuwa akipita kila siku kumjulia hali, na kila akipita hupima ukuta kwa macho.

Mehreen alikuwa mgeni. Alikuja kutoka Surat akiwa bibi harusi, na Kiswahili alikikuta kinamsubiri mlangoni pamoja na wakwe. Maneno ya jikoni aliyapata upesi. Nambari ndizo zilizomtoa jasho. Mwalimu wake alikuwa Bi Nasima wa Mpendae, mwanamke mnene mwenye sauti ya shule, aliyewahi kufundisha wageni wa kila taifa na sasa akimfundisha Mehreen kwa malipo ya sahani ya biriani. Alikuwa akisogeza mifupa pembeni na kupanga maharage ya kuhesabia juu ya meza.

"Laki isikutishe," alimwambia siku ya kwanza. "Laki ni yenu, mmekuja nayo nyinyi wenyewe. Mia elfu, basi. Lakini huku kwetu laki zikifika kumi tunaziita milioni. Usije ukamwambia mtu laki arobaini, atakucheka. Sema milioni nne."

Kisha akamfundisha mitego. Ukisema elfu mia mbili na hamsini, mmoja atasikia laki mbili na elfu hamsini, mwengine atasikia laki mbili na shilingi hamsini, na mtagombana. Sema laki mbili na nusu, au laki mbili na hamsini elfu, kila mtu alale salama. Samaki watatu, vipande vitatu, kilo tatu, lakini sita, saba, tisa na kumi hazigeuki hata uzitishie fimbo. Wateja nao, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa kwanza usimwite wa moja, utaonekana umeshuka na meli jana.

"Na sokoni," akamalizia, akilamba kidole, "elfu haitajwi. Mtu akikwambia kumi, ni elfu kumi. Akikwambia sabini, ni sabini elfu. Elfu imo ndani ya mdomo, haitoki. Ushafahamu?"

"Nshafahamu, Bi Nasima."

Alifahamu kweli. Usiku kucha alikuwa akihesabu kitandani, kumi, kumi na tano, ishirini, mpaka Fayaz akamwomba alale. Na asubuhi, jua likiwa halijapanda sawasawa, aliingia mnadani Malindi.

Ilikuwa makelele matupu. Sakafu ilirowa maji ya barafu na damu, wanaume wamezunguka samaki mabega kwa mabega, na katikati yao dalali, mzee mwembamba wa Tumbatu aitwaye Usi, kavaa kofia ya viua na ndala za mpira. Fayaz alikuwa amemweleza sura yake na akamwambia aseme ni mke wa nani. Lakini mzee alikuwa tayari anaimba bei, na nani angethubutu kumkatiza? Mehreen akajipenyeza mpaka mbele, akijikaza ndani ya rida yake ya kijani, vazi la kujisitiri la kwao, akiomba Mungu asikanyagwe.

Palikuwa na nguru mmoja sakafuni. Alikuwa mrefu kama mtoto wa miaka saba aliyelala, mgongo wake bado unang'ara. Mehreen alipomwona alisahau hofu kidogo. Nguru yule angelisha wateja wa leo na wa kesho.

"Thelathini!" aliimba Usi. "Thelathini, thelathini, nani ana na tano?"

"Na tano," akasema mtu nyuma.

"Thelathini na tano! Wamekufa wanunuzi leo? Thelathini na tano!"

Thelathini na tano elfu kwa nguru mzima! Mehreen alitazama kulia na kushoto. Kwani watu hawa wamelala? Fayaz huja na nguru wa nusu ya huyu na husema amelipa themanini. Labda leo samaki wamejaa. Labda Mungu amemwona mgeni wake akamhurumia. Hofu ikageuka tamaa, na tamaa ikamfungua kinywa kabla akili haijafika.

"Arobaini!"

Wanaume wakageuka. Usi akamtazama, akatabasamu kidogo, akaendelea. "Arobaini kwa bibi! Nani anamzidi bibi?"

Mtu wa nyuma akanyanyua kidole. Mehreen hakumpa nafasi hata ya kupumua.

"Arobaini na tano!"

Mtu wa nyuma akashusha mkono, akatikisa kichwa, akatema mate pembeni. Usi alinyanyua fimbo yake ndogo. "Arobaini na tano, mara ya kwanza. Arobaini na tano, mara ya pili." Akasubiri kidogo, akizungusha macho. "Mara ya tatu! Mali yako, bibi. Mungu akubarikie."

Mehreen alicheka peke yake. Alifungua mkoba, akahesabu noti tano, akamwamkia mzee kwa adabu zote alizofundishwa.

"Shikamoo, Mzee Usi. Mimi mke wa Fayaz, wa mkahawa wa Mlandege. Hizi hamsini. Nirudishie chenji, elfu tano."

"Marahaba, mwanangu. Fayaz vipi mguu?" Mzee alizipokea noti, akazipitisha kidoleni, kisha akabaki ameukunjua mkono. "Na laki?"

"Laki ipi?"

"Laki, mwanangu. Laki na arobaini na tano."

Watu walisogea karibu wasikie.

"Umesema thelathini," alisema, na Kiswahili kikaanza kumponyoka. "Mimi nimesikia. Thelathini, thelathini na tano."

"Nimesema laki, nikapanda kumi, nikapanda ishirini. Wewe umekuja tuko thelathini." Usi hakukasirika, na hilo lilimtia hofu zaidi. "Hapa laki hutajwa mara moja tu, kama bismillahi ya chakula. Mtu hairejei kila tonge. Aliyekuja katikati huuliza mwenziwe, 'Tuko laki ya ngapi?' Fayaz hakukwambia?"

Fayaz hakumwambia. Fayaz alikuwa mtu wa kufika mapema, hajawahi kuchelewa mnada hata mmoja, na kitu ambacho mtu anakijua tangu utotoni hakimjii kichwani akakisema. Bi Nasima naye alikuwa mwalimu wa darasani na wa madukani, ambako mtu hutaja bei yake moja ukapatana naye. Mnadani hakuwa na haja ya kwenda. Basi msichana wa Surat akaachwa aingie shimoni huku kashika nambari zake zote sawasawa.

Nyuma mtu akacheka. Mwengine akasema, "Mwacheni, mgeni huyo." Mehreen akaikamata huruma ile.

"Basi sitaki," alisema. "Nimekosea. Nirudishie."

Uso wa Usi ukabadilika. Akasogea karibu na kushusha sauti, kwa kumsitiri.

"Sikiliza, mwanangu. Neno la hapa halirudi. Mwenye samaki ni Msabah, yule kakaa juu ya ndoo. Anataka pesa zake anunue mafuta arudi kwao. Ukikimbia, mimi ndiye nnayemlipa. Naweza kumrejesha nguru mnadani, lakini samaki aliyekataliwa hashiki bei. Akishuka mpaka laki, ile arobaini na tano iliyopungua ni juu yako. Na jina la Fayaz litakuwa limeharibika. Hanunui tena hapa."

Mehreen alihesabu. Hesabu alikuwa anaiweza, hilo ndilo lililomuumiza. Tisini kutoa arobaini na tano, anabaki na arobaini na tano na hana samaki hata wa kumlisha paka. Angerudi Mlandege na hadithi. Aliuona mkono wa Bi Tahera ukiutoa ufunguo kwenye msumari. Aliwaza Fayaz kitandani, na bili ya hospitali ambayo bado nusu. Baada ya hapo atakula nini mtu mwenye mguu wa plasta na mke asiyejua kununua samaki?

Na kwa sababu hakuona pengine pa kwenda, alitoa noti nne zilizobaki, akaziweka juu ya zile tano.

"Tisini," alisema. "Ichukue iwe arubuni. Nimebakisha ngapi?"

"Hamsini na tano."

"Nipe nafasi. Nitauza vipande hapa hapa. Nitakulipa."

Usi alimtazama Msabah. Msabah, kijana wa macho mekundu aliyekesha baharini, akanyanyua mabega. Mzee akasema, "Mpaka nikimaliza mnada. Nikivua kofia, nimemaliza."

Mehreen hakujua hata nani hukata samaki. Alimwona mtu wa makamo ana panga na gogo, jina lake Ame, akamwonyesha nguru kwa kidole.

"Kukata bei gani?"

"Mkubwa huyu. Tano."

Sauti ya Bi Nasima ikamjia, pamoja na harufu ya biriani: bei ya kwanza ni salamu tu, mwanangu, usiipokee kama ndiyo jibu.

"Mbili," alisema, akishangaa kujisikia.

"Mbili? Panga lenyewe nalinoa kwa pesa. Nne."

"Tatu. Na matumbo chukua wewe. Pesa nikishauza."

Ame alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu vilivyorowa. Alikuwa ameshuhudia yote. "Haya, tatu," akasema, na panga likashuka.

Sasa deni lilikuwa hamsini na nane. Mehreen aliinamia karatasi ya nailoni aliyotandikiwa, akavipanga vipande, vikubwa kwa vikubwa, mkia pembeni. Kila Usi alipopaza sauti upande wa pili, aligeuka kuitazama kofia ile. Bado ilikuwa kichwani. Watu walipita, wakatazama nguru, wakamtazama yeye, wakaendelea na safari zao. Hakuweza kuita.

Akaja mwanamke mwenye kikapu, akabonyeza kipande cha mkia.

"Bei gani hiki, bi mdogo?"

"Kumi na nane." Aliianzia juu, apate pa kushukia, kama alivyofundishwa.

"Mkia kumi na nane! Una dhahabu ndani? Kumi nakupa."

"Kumi na sita, dada."

"Kumi." Na mwanamke akageuza mwili, nusu ya kuondoka.

Ame alimnong'oneza bila ya kunyanyua kichwa. "Huyo wa kwanza. Wa kwanza usimwachie aende mkono mtupu, wa pili naye atapita. Nani atasimama penye samaki asiyenunuliwa?"

"Kumi na mbili!" alisema Mehreen, kwa sauti iliyopasuka. "Dada, kumi na mbili, unifungulie biashara."

Mwanamke akacheka, akatoa noti nyekundu moja na elfu mbili. Mehreen alizipokea kwa mikono miwili. Zimebaki arobaini na sita. Na kweli watu walisimama, watatu, wanne, kwa kuwa penye mnunuzi mmoja hupatikana wa pili. Lakini masikio yao yalikuwa wazi.

"Nipe kile cha katikati," akasema mzee mmoja wa kanzu. "Kumi na mbili."

"Babu, ule ulikuwa mkia. Hiki ni kumi na tano."

"Mwenzangu umempa kumi na mbili. Kwani mimi nina sura ya benki?"

"Kumi kwangu," akasema kijana mmoja nyuma, mpishi wa hoteli, "nachukua viwili, nakupa buku ishirini taslimu."

Buku ni elfu, alilijua neno lile kwa wavulana wa mtaani. Elfu ishirini taslimu, mkononi, sasa hivi! Na upande wa pili Usi alikuwa anasema, "Wamebaki wa mwisho hawa, jamaa, wa mwisho!" Mehreen alipiga hesabu haraka. Akikubali kumi kumi, wote wanaofuata watataka kumi, na nguru ataisha kwenye makapu ya watu bila ya yeye kubaki na cha kupika. Akikataa, wataondoka. Alitamani kulia, na alitamani mama yake, ambaye alikuwa mbali ng'ambo ya bahari na angemuuliza kwa Kigujarati yeye kaingiaje kwenye samaki.

Ndipo alipoiona rida ya rangi ya maziwa ikija polepole kati ya wachukuzi, na fimbo ikitangulia. Bi Tahera. Magoti yasiyomfikisha Malindi yalikuwa yamemfikisha Malindi. Mlandege si mbali, na habari ya mke wa Fayaz kununua nguru wa laki ilikuwa na miguu mizuri kuliko yeye.

Mehreen akaona yamemfika. Sasa atatukanwa mbele ya watu, tena kwa lugha mbili. Bi Tahera alisimama mbele ya nailoni. Alitazama vipande, akamtazama mke wa mwanawe usoni, kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mteja asiyemjua muuzaji.

"Kile cha katikati, bei gani?"

Watu wote walisubiri. Mehreen alifahamu kwamba akimpunguzia huyu, amewapunguzia wote. Lakini alikuwa mama mkwe! Nani humwambia mama mkwe bei? Neno likatoka dogo kama la mtoto.

"Kumi na tano, Mama."

"Kumi."

"Kumi na tano."

"Kumi na mbili, mwisho wangu. Mwenzangu kapata kwa kumi na mbili, nimesikia."

"Yule kachukua mkia. Na alikuwa wa kwanza." Machozi yalikuwa karibu kabisa. "Siwezi, Mama. Kumi na tano."

Bi Tahera aligeuka. Alipiga hatua, fimbo ikagonga sakafu, akapiga nyengine. Mehreen alifungua kinywa amwite, akakifunga. Ilikuwa vigumu sana kukifunga. Alihisi anaifunga na nyumba nzima, yeye akiwa nje.

Bi Tahera akarudi. Alifungua kitambaa chake, akatoa noti nyekundu na noti ya zambarau, akaziweka juu ya nailoni ili kila mtu azione.

"Kumi na tano," alisema kwa sauti ya juu. "Ndiyo bei yake. Nguru kama huyu dukani utaambiwa ishirini, na barafu juu." Akachukua kipande, akakitia kwenye mfuko wake, akasimama pembeni kwa kukitegemea kifimbo, kama mtu anayepumzika.

Mzee wa kanzu alikohoa. "Haya, nipe na mimi. Kumi na tano, wallahi mna roho ngumu nyinyi." Akatoa noti mbili nyekundu. Mehreen alirudisha ile ya zambarau ya Bi Tahera ikawa chenji. Yule mpishi naye akachagua kimoja, akalipa, akaondoka akinung'unika. Kumi na mbili, na kumi na tano mara tatu. Hamsini na saba.

Ilipungua elfu moja, na Usi alikuwa anavua kofia.

Mehreen alikimbia. Hakuwahi kukimbia mbele ya watu tangu aolewe. Alimfikia dalali akiwa anajifuta upara, akamwekea hamsini na tano kiganjani moja moja, huku akizitaja. Usi alizihesabu mara ya pili yeye mwenyewe, akazitia pamoja na zile tisini, akamwita Msabah. Zile mbili zilizobaki Mehreen akampelekea Ame.

"Imepungua buku," alimwambia, hana pumzi. "Nitakuletea."

"Kesho," alisema Ame, akifuta panga. "Unakuja kesho?"

Jibu la swali lile lilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa amesimama pale kwa fimbo.

Walirudi Mlandege kwa miguu. Mchukuzi alitangulia na ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na kichwa na vipande vyote vilivyobaki, zaidi ya nusu ya nguru, kwa elfu tisini zile zile, na elfu moja ya deni. Fayaz hajawahi kurudi na ndoo nzito kiasi kile. Lakini Mehreen hakuwa na nafasi ya kuona. Alikuwa akisikiliza fimbo ikigonga, akingoja matusi, na kila hatua matusi yasipokuja hofu ilizidi. Mama mkwe anayenyamaza anajiandaa. Labda ameshaamua. Labda ameona mwanawe ameoa mwanamke wa kupiga kelele mnadani na kumpandishia bei mamake.

Abdulwahid alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kiti cha mteja, mguu juu ya mguu, na mita ya kupimia mkononi.

"Asalaam alaykum, Bi Tahera. Nimekuja kama tulivyosema. Nimeleta na ya miezi mitatu kwa pamoja, laki tisa. Bado kodi ni ile ile?"

"Waalaykumu salaam. Kodi ni milioni tatu," alisema Bi Tahera, akivua viatu.

"Kwa mwaka?"

"Kwa mwezi."

Mehreen alishituka. Mama mkwe amechoka, jua limempiga, amekosea kama yeye alivyokosea. Na kosa la nambari linavyomla mtu alikuwa amelijua asubuhi hii kwa mwili wake wote. Alimsogelea, akamnong'oneza, "Mama, si laki tatu? Umesema milioni."

"Nimesema milioni, mwanangu. Kutaja najua." Bi Tahera hakushusha sauti. "Mwenye kitu asichotaka kukiuza hasemi hapana kwa jirani yake. Hutaja bei."

Abdulwahid aliangalia ndoo, akaangalia nyuso za wanawake wale wawili, akaikunja mita yake polepole mpaka ikaingia yote ndani ya kibati. Alicheka kicheko kifupi, akasema wampe salamu Fayaz, akatoka.

Mehreen alikaa juu ya gunia la mchele. Sasa ndipo machozi yalipomwagika bila ya ruhusa. Alijaribu kuomba radhi kwa kumtajia bei mama mkwe, kwa laki, kwa kila kitu, na lugha zote mbili zikamgomea.

Bi Tahera alikitoa kile kipande chake mfukoni, akakitupa ndani ya sufuria pamoja na vyengine. Kisha akachukua kisu na kitunguu, akaanza kumenya.

"Mnada unafunguliwa saa kumi na mbili," alisema. "Kesho utaamka mwenyewe, au nikuamshe?"